Mita Sabini za Bwana Masalu

Bwana Masalu alikuja kukagua somo la fizikia akiwa na kalamu tatu za wino mwekundu mfukoni. Mtu wa kalamu tatu nyekundu hakuja kusifu; angekuja kusifu, moja ya bluu ingemtosha.

Mwalimu Paskalia alimtambua kabla hajafunga mlango wa gari. Miaka kumi na mitatu ilikuwa imemwongezea tumbo na cheo, lakini sauti ilikuwa ileile. Ndiye aliyemfundisha fizikia kidato cha pili. Siku moja aliuliza kwenye mtihani: mkimbiaji amezunguka uwanja mara moja na kurudi alipoanzia, mhamo wake, yaani alivyohama kutoka alipoanzia, ni kiasi gani? Paskalia akaandika sifuri. Mwalimu Masalu akapiga mkasi mwekundu juu ya jibu, akamwita mbele, akamchapa viboko viwili mbele ya darasa zima. "Sifuri si jibu," akasema, "ni uvivu."

Paskalia aliporudi nyumbani Rwamgasa alimweleza mama yake, aliyekuwa akiponda mawe ya dhahabu. Mama aliinua nyundo, akafikiri, akasema kwamba baba yake alikuwa akishuka shimoni kila siku na kupanda, jasho chapachapa, na jioni alikuwa palepale. Basi na mwalimu huyo aje ashuke. Karatasi ile Paskalia hakuichana. Alinunua kitabu kuukuu cha fizikia sokoni Kalangalala, akajifundisha mwenyewe yale ambayo kiboko kilishindwa kumfundisha, na karatasi akaitia katikati ya kitabu. Fimbo husahau, mgongo ndio wenye kumbukumbu.

Sasa mgongo ule ulikuwa unasubiri hukumu ya fimbo ileile. Paskalia alikuwa mwalimu wa kujitolea mwaka wa pili, na fizikia ya shule nzima ilikuwa mikononi mwake. Fomu aliyokuja nayo Bwana Masalu ilikuwa na neno moja la kuandika chini kabisa: anafaa, au hafai. Akifaa, anabaki. Asipofaa, watoto wanabaki na kitabu kisicho na mwalimu, na yeye anarudi Rwamgasa kuponda mawe kando ya mama yake. Bwana Masalu hakumkumbuka hata chembe. Alimpa mkono kama mtu anayejaribu embe kama limeiva.

Maabara haikuwapo. Yaani ilikuwapo, kuta ziliishia kwenye linta, bila paa, ng'ambo ya uwanja, na mbuzi walizijua vizuri kuliko wanafunzi. Kila mwaka mkubwa fulani alikuja, akazizunguka kuta zile, akatikisa kichwa kwa uchungu, akala wali kuku, akaondoka. Kwa hiyo Paskalia alifundishia nje.

Mkuu wa shule, Mwalimu Onesmo, alimvuta pembeni. Alikuwa mtu mwema mwenye shingo laini. Alimwomba afundishe somo jingine, joto au mwanga, kitu kisicho na ugomvi, maana amesikia afisa huyu ana msimamo wake kuhusu mhamo. Paskalia akasema somo la leo kwenye andalio ni mhamo.

"Basi akisema jibu ni kitu fulani, andika hicho kitu ubaoni," Mkuu akanong'ona. "Akiondoka utafuta. Dasta si ipo, Madamu?"

"Dasta ipo, Mkuu. Haifuti kichwani mwa mtoto."

Duara la uwanjani wanafunzi walilichora asubuhi, kwa kamba waliyoazimwa na wachimbaji wa jirani, kamba ya kushushia watu shimoni, yenye fundo kila baada ya mita moja ili aliye juu ajue aliye chini amefika wapi. Walipigilia kigingi katikati ya uwanja, wakavuta mafundo thelathini na tano, wakazunguka nayo wakimwaga majivu. Kigingi cha kuanzia kilikuwa mashariki, chini ya mlingoti wa bendera. Cha nusu mzunguko kilikuwa magharibi, karibu na kuta za maabara. Hesabu walishaifanya: mara mbili ya thelathini na tano, mara ishirini na mbili, gawanya kwa saba. Mzunguko mmoja, mita mia mbili na ishirini.

Aliyekimbia alikuwa Nelly, msichana mwembamba wa kidato cha pili anayetembea kilomita sita kuja shule na hajawahi kuonekana akihema. Alizunguka mara tano, akasimama palepale penye kigingi, visigino kwenye majivu.

Paskalia akauliza amekimbia umbali gani. Darasa likajibu kwa pamoja, mita elfu moja na mia moja. Akauliza mhamo wake. Nyota yake njema, au mbaya, ni kwamba darasa zima likajibu kwa pamoja pia: sifuri.

Bwana Masalu akainuka kwenye kiti chake chini ya mlingoti. Akasema, kwa upole wa mtu anayekunja mikono ya shati, kwamba anasikitika. Mtoto amelowa jasho, vumbi mpaka magotini, nguvu ya serikali imetumika, halafu anaambiwa hakufanya kitu. Huku ndiko kuua vipaji.

"Afisa, hakuna aliyesema hakufanya kitu," Paskalia akasema. "Umbali ndio unaohesabu njia yote aliyopita, na umbali wake ni mita elfu moja na mia moja. Mhamo hauulizi amechoka kiasi gani. Unauliza: ukivuta kamba iliyonyooka kutoka alipoanza mpaka alipo sasa, ni mita ngapi, na ni upande gani? Alipoanza ni hapa. Alipo ni hapa. Kamba itavutwa wapi?"

"Kwani hakusogea?"

"Alisogea. Alipokuwa kule maabara mhamo wake ulikuwa mkubwa. Alipogeuka kurudi ukaanza kupungua, na alipokanyaga majivu haya ukaisha. Kila mzunguko hivyohivyo."

"Sifuri si jibu, Madamu," akasema Bwana Masalu. "Ni uvivu."

Paskalia alihisi sentensi ile ikishuka mgongoni na kukaa kwenye kiti chake cha zamani. Mwalimu Onesmo akatazama mbuzi.

Bwana Masalu akavua koti. Akatangaza kwamba fizikia ni vitendo. Angekimbia mwenyewe mizunguko mitano, na darasa lingeona kwa macho yake kama mtu mzima wa kilo tisini na saba anaweza kukimbia kilomita nzima na ushee halafu akaambiwa ni sifuri. Koti akalitundika kwenye kiti, fomu na kalamu akaziweka juu yake, akaenda kwenye kigingi.

Alianza vizuri. Viatu vyake vya ncha vilirusha vumbi kama pikipiki ya bodaboda mwenye abiria anayewahi harusi. Mita hamsini za kwanza wanafunzi walimshangilia kwa adabu. Mita themanini tai ilikuwa begani. Mita ya mia moja na kumi, penye kigingi cha nusu mzunguko, alisimama, akashika ukuta wa maabara kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu ujengwe ukuta ule ukawa na faida.

Hakuna aliyecheka mpaka Nelly, kwa heshima zote, alipouliza amletee maji.

Kisha wakacheka. Paskalia aliwanyamazisha kwa mkono, akawapeleka wote magharibi na kamba yao, na Mkuu wa shule nyuma yao kama mfiwa.

"Tuendelee na somo," akasema. "Afisa amekimbia umbali gani?"

"Mia moja na kumi."

"Nelly?"

"Elfu moja na mia moja."

"Mara ngapi ya afisa?"

"Mara kumi, Madamu," wakasema, na kicheko kikawatoroka tena, kwa sababu kumi ni namba inayochekesha mtu akiwa ameshika ukuta.

Bwana Masalu alikuwa anahema, lakini masikio yalifanya kazi. Mtu aliyezoea kushinda hata kwenye foleni ya chai hawezi kushindwa mara kumi na mtoto wa kidato cha pili. Macho yake yalitafuta pa kushika.

"Sasa mhamo wa afisa," Paskalia akasema. Wanafunzi wakavuta kamba kutoka miguuni pake mpaka kigingi cha katikati, mafundo thelathini na tano. Wakaivuta tena kutoka katikati mpaka kigingi cha mashariki alikoanzia, thelathini na tano, mstari mmoja ulionyooka. "Mita sabini," wakasoma, "kuelekea magharibi."

"Na wa Nelly?" akauliza Bwana Masalu, haraka.

Paskalia akamtazama. Akaliona jibu linakuja kama mtu anavyomwona ng'ombe akijipeleka zizini mwenyewe.

"Afisa ndiye mkaguzi. Wa Nelly ni kiasi gani?"

Upande mmoja kulikuwa na mia moja na kumi dhidi ya elfu moja na mia moja, aibu tupu. Upande wa pili kulikuwa na sabini, ushindi, ilimradi tu msichana yule awe na kile alichokuwa nacho. Bwana Masalu alipima pande zote mbili.

"Sifuri," akasema.

"Darasa halijasikia, afisa."

"Sifuri. Amezunguka mara tano akarudi alipoanza, mhamo wake ni sifuri. Wangu ni sabini." Akajifuta uso kwa tai. "Andikeni. Na iingie kwenye fomu, matokeo ya jaribio, yote mawili. Kwa mhamo, afisa amemzidi mwanafunzi."

"Amemzidi sana," Mwalimu Onesmo akaitikia, akiwa amepona ghafla.

Iliingia kwenye fomu. Bwana Masalu alikata uwanja moja kwa moja mpaka kwenye kiti chake, maana kumaliza nusu iliyobaki hakuna aliyethubutu kupendekeza, akaandika kwa wino mwekundu: Nelly, umbali 1100, mhamo 0. Afisa, umbali 110, mhamo 70, magharibi. Somo limeeleweka. Mwalimu anafaa. Akasaini, akapiga muhuri. Alikuwa amesimama karibu kabisa na kigingi cha kuanzia, mita mia moja na themanini mguuni, na ile sabini yake imeshayeyuka. Wanafunzi wawili watatu waliliona hilo wakamtazama mwalimu wao, naye akatikisa kichwa kidogo, bado.

Paskalia alingoja muhuri ukauke. Halafu akafungua kitabu chake kuukuu, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaomba afisa amsaidie jambo moja dogo la taaluma. Ni mtihani wa mtoto mmoja wa Rwamgasa. Je, umesahihishwa sawasawa?

Bwana Masalu alivaa miwani. Mshindi ana huruma na kila mtu. Alisoma swali, akasoma jibu, akauona ule mkasi uliofifia.

"Lakini huyu mtoto alipata," akasema. "Si ndicho tulichofanya hapa sasa hivi? Aliyesahihisha hii alikuwa hajui kitu."

"Ndiyo, afisa," Paskalia akasema. "Alikuwa hajui."

Bwana Masalu akachukua kalamu mojawapo ya zile tatu, akaweka tiki kubwa nyekundu kando ya sifuri, na kumrudishia. Kisha akaulizia wali kuku.