Pedi za Kunukia

"Pedi ni pedi, dada yangu. Chukua hizi za kunukia," alisema mwenye duka, akimsukumia fundi cherehani mfuko mweusi kama mtu anayeuza magendo.

Fundi alichemka. Dukani kulikuwa na aina mbili tu. Za kunukia zilinyonya vizuri hata siku nzito, lakini plastiki ya juu ya pedi hizo na yale manukato, akikaa kutwa kwenye cherehani, vilimwachia vipele na mwasho. Za pamba zilikuwa laini, ila zililetwa zile nyembamba tu, za siku nyepesi, nazo zililowa kabla hajamaliza gauni moja.

"Nilikuomba za pamba, nene, zisizo na harufu."

"Mimi huchagua kwa kunusa, na hakuna aliyelalamika."

"Kwa kunusa! Kwani unauza maua? Aibu ndiyo iliyotuziba midomo!" Akachana pakiti, akatoa pedi moja. "Haya, ibane kwapani hadi jioni, na joto hili."

Mwenye duka akaruka nyuma. "Hiyo? Si itaniwasha!"

Ndipo wanawake waliokuwa kwenye foleni, waliokwisha kupewa pedi zao za kunukia, wakaanza mmoja mmoja kurudisha mifuko myeusi juu ya kaunta.