Taa ya Mwaisha Juu ya Kabati

Alawi alinipigia simu mchana wa Ramadhani, mimi nimejilaza kibandani kwangu Mtwara mjini nikiliombea jua lizame. "Fundi Idrisa, njoo Mahurunga leo hii. Maiki ya msikitini."

"Ina nini?"

"Haina kitu. Nataka uje uthibitishe kwamba haina kitu."

Katika maisha yangu ya ufundi nimeitwa kutengeneza vitu vibovu, na nimeitwa kutengeneza vitu vizima ambavyo mwenyewe hajui kuviwasha. Kuitwa kuja kusema kitu ni kizima, hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Nikapanda pikipiki.

Alawi ni mwenyekiti wa kamati ya msikiti, mtu wa kofia safi na maneno machache. Alinipokea barazani, akanieleza kwa sauti ya chini. Muadhini wao, Mzee Nuhu, alikuwa anaruka maneno ya adhana. Inatoka "Allahu akbar", halafu kimya, halafu kipande cha neno, halafu kukwaruza. Adhuhuri anaadhini vizuri, na alasiri hivyo hivyo. Ikifika magharibi, isha na alfajiri, ndipo anapoharibikiwa.

"Mzee amechoka," Alawi alisema. "Akishinda na njaa, jioni hana sauti. Alfajiri ndiyo hajaamka sawasawa. Kamati imeshaongea. Ijumaa anapumzika, Kassimu anachukua nafasi. Lakini watu wake watasema ni maiki. Kwa hiyo wewe pima, useme."

"Na wanaokuwa msikitini wakati anaadhini wanasemaje?"

"Nani anakuwa msikitini kabla ya adhana kwisha, watu wako kwenye futari na daku? Ni yeye na Mzee Salumu."

Mzee Salumu namfahamu. Hata ukimpigia baruti pembeni ya sikio atakuuliza kama umesema kitu.

Ilinichoma. Mzee Nuhu ameadhini pale tangu msikiti una ukuta wa udongo, kabla ya umeme, kabla ya spika. Mtu kama huyo kumwambia akae chini, maana yake unamwambia kijiji kizima kimemsikia akichanganyikiwa. Na nilimwona palepale, amekaa mkekani, anajua kabisa kinachozungumzwa. Nilimpa shikamoo. Aliitikia bila kuinua macho.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi maneno nayasema yote. Lakini watu wengi wakikwambia umeruka, na wewe unaanza kujitilia shaka."

Nikafungua kabati. Lipo kwenye kona karibu na mlango, ndani yake kuna amplifaya na risiva, kisanduku kinachopokea sauti ya maiki isiyo na waya. Maiki ya waya ilikuwepo zamani, panya wakaula waya wake, na mimi nikawashauri wanunue mwingine. Mpaka leo hawajanunua. Hii isiyo na waya ililetwa na mtu kutoka safari, nao wakaipenda kwa sababu Mzee Nuhu haadhini ndani. Anatoka hadi mwisho wa baraza, upande wa pili wa ukuta, aone mbingu, kama alivyozoea tangu enzi za koo tupu. Mashine wamemletea, desturi hajabadilisha.

Nilimpa maiki, akaenda kusimama pale pale pake, nikamwambia ahesabu. Ikatoka safi, mpaka kuku wa jirani wakashtuka. Alawi akanitazama: si nilikwambia?

Kwa kweli na mimi nilianza kuamini. Betri nzima, antena nzima. Nilikuwa nimeshafunga mkoba, nimebakiza kusema lile neno nililoitiwa, nilipoona ukumbi una kigiza kidogo upande wa kabati. Nikauliza bila kufikiri sana, "Taa zenu hamwashi?"

"Mchana?" Alawi akashangaa. "Tunawasha magharibi."

Magharibi, isha, alfajiri. Nikaufungua tena mkoba.

Nikazima maiki kabisa. Kwenye risiva kuna kitaa cha kijani ambacho huwaka pale inaposikia maiki yake. Maiki ikizimwa, nacho kinatakiwa kizimike, na kikazimika. "Sasa washeni kila kitu kama mnavyowasha jioni," nikasema. "Kila kitu. Na jirani pia."

Jirani ni Hafsa, anayeuza barafu na juisi nyuma ya msikiti. Alawi akapata uso wa mtu aliyepata mshitakiwa mpya. "Ni friji la Hafsa! Nilisema tangu mwanzo friji lile linasumbua."

Hakusema tangu mwanzo, lakini sawa. Taa zikawashwa, feni zikazunguka, Hafsa akawasha friji na brenda. Kile kitaa cha kijani kikaanza kupepesa, maiki ikiwa imezimwa mfukoni mwangu. Risiva ilikuwa inasikia kitu, na kitu hicho hakikuwa Mzee Nuhu.

Nina redio ndogo ya mfukoni ambayo naitumia kama wengine wanavyomtumia mbwa. Naiweka AM, mahali pasipo na stesheni, kisha natembea nayo. Kwa Hafsa ilinguruma brenda ilipozunguka, maana mota ya brenda ina vipande vya kaboni vinavyosugua na kutoa cheche, na kila cheche ni kama kastesheni kadogo kasiko na leseni. Friji nalo likatoa "tak!" moja lilipoanza kuvuta, kisha likatulia.

"Haya, dada, zima vyote viwili," nikamwambia.

"Nikizima barafu ikayeyuka, barafu ya futari ya watu mtagandisha wenyewe," Hafsa akajibu, lakini akazima. Mlio wa brenda ukaondoka redioni. Kitaa cha risiva kikaendelea kupepesa.

"Msinisingizie tena," Hafsa akasema, akimwangalia Alawi.

Nikarudi ndani. Ile swichi ya kuzungusha inayopunguza kasi ya feni ilikuwa inatoa muungurumo redioni, na nikiizungusha muungurumo unabadilika. Swichi za namna hiyo, pamoja na zile za kufifisha taa, zinaukata umeme katikati ya kila wimbi, na pale unapokatwa ndipo kelele inapozaliwa. Nikaizima. Redio ikapumua kidogo. Kitaa, wapi. Kelele ya swichi ile ilisumbua redio yangu, haikufika huko juu kwenye masafa ya maiki.

Nikazima taa. Kitaa kikazimika pale pale.

Alawi akavua kofia, akaivaa tena.

Hapa inabidi nieleze habari ya taa za Mahurunga. Korosho zikishauzwa na Ramadhani ikikaribia, kila nyumba huleta balbu moja msikitini kwa ajili ya marehemu wao. Mwenyewe anachagua mahali, anapanda ngazi, anaifunga kwa mkono wake. Hakuna anayeandika, lakini kila mtu anajua ile ya dirishani ni ya nani na ile ya mihirabuni ni ya nani. Ni desturi nzuri. Ila balbu zenyewe ni za LED, za bei ya chini kabisa sokoni. Ndani ya balbu hiyo kuna kisaketi kinachoukatakata umeme kwa kasi ya ajabu. Balbu nzuri ina vichujio vya kuizuia vurugu hiyo isitoke. Ya bei poa vichujio vimeachwa, na nyaya za darini zinageuka antena. Risiva ikishindwa kutofautisha sauti ya maiki na kelele hiyo, inafunga mdomo. Maneno yanayosemwa wakati imefunga hayafiki kwenye spika.

Nikaziwasha taa tena, nikapanda ngazi, nikaanza kulegeza balbu moja moja. Zile za mbali zilipunguza kelele kidogo tu, kama unachota uji kwa kijiko kwenye sufuria. Nikafika ile iliyoning'inia juu ya kabati lenyewe, karibu kabisa na antena. Nilipoilegeza, kitaa kikazimika. Nikaikaza, kikawaka. Nikarudia ili Alawi aone. Kisha nikawasha zile nyingine zote, hiyo ikiwa imelegezwa, nikawasha maiki, nikamrudishia Mzee Nuhu, nikamwomba ahesabu tena kutoka kule barazani. Hesabu ikatoka nzima, haina hata pengo. Nikaikaza balbu: moja, mbili, kimya, kimya, "-no", kukwaruza.

"Basi ni hiyo," Alawi akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye haya, nami sikutaka kumwongezea. "Toa hiyo, fundi. Ya nani hiyo?"

Hafsa, aliyesimama mlangoni kuhakikisha friji lake limefutiwa kesi, akainamisha kichwa.

Mzee Nuhu alikuwa ameingia, maiki bado mkononi. "Ya Mwaisha," akasema.

Mwaisha alikuwa mkewe. Amefariki kabla ya msimu wa korosho uliopita. Balbu ile aliinunua mwenyewe mjini Mtwara, ikawa chumbani kwao, na mzee aliitoa nyumbani kwake kuileta pale. Aliifunga juu ya kabati kwa sababu kila jioni anapokwenda kuwasha amplifaya, ni lazima asimame chini yake. Niliyajua hayo baadaye. Wakati ule nilikuwa juu ya ngazi, nimeshika taa ya marehemu, natamani ngazi inimeze.

"Mzee, inaweza kukaa pengine," nikasema. "Kule mwisho haitasumbua sana. Au mimi nihamishe kabati, kesho nije na waya..."

Mzee Nuhu akaiangalia ile balbu. Nikaona mabega yake yanatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Miaka yote ya ndoa," akasema, "mwanamke yule hakuwahi kuniacha nimalize sentensi. Hata moja! Kumbe ameniandama mpaka huku."

Hafsa ndiye aliyeanza kucheka, kisha Alawi, kisha mimi huko juu mpaka ngazi ikayumba. Mzee Salumu, aliyekuwa amekaa pembeni muda wote, akauliza kuna nini, akaelezwa kwa kelele, naye akacheka mwishoni kabisa, peke yake.

"Nipe," Mzee Nuhu akaniambia. "Arudi nyumbani. Chumba kina giza sana." Akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka mfukoni mwa kanzu. Mimi nikafunga nyingine niliyokuwa nayo mkobani, ya bei ya mbele kidogo, na kitaa cha kijani hakikushtuka. Alawi akamwendea mzee, akamshika mkono, akasema, "Utusamehe, Mzee wangu. Ijumaa ni wewe, na zinazofuata." Mzee akamwambia hakuna neno.

Nilibaki nifuturu nao. Jua lilipozama taa zote ziliwashwa, Hafsa akarudishia friji na brenda, na mzee akatoka kwenda mwisho wa baraza. Nilikaa karibu na kabati, macho kwenye risiva. Adhana ilitoka imenyooka, neno kwa neno, ikaenda mpaka mashambani. Alawi akafungua kwa tende, akafumba macho.

Katikati, kabla ya kuwaita watu kwenye swala, ikakatika.

Alawi akageuka haraka. "Imeanza tena?"

Nikatazama. Kitaa cha kijani kilikuwa kimetulia tuli. Risiva ilikuwa inamsikia, na spika ilikuwa inatoa kila ilichopewa: mzee mmoja anavuta pumzi, anaishikilia, anavuta nyingine. Nikachungulia mlangoni: alikuwa amesimama pale pale pake, mkono mmoja mfukoni mwa kanzu, kwenye ile balbu.

"Haijakatika," nikamwambia. "Maiki ni nzima."

Alawi akaweka kikombe chini, tukamsubiri.