Mbabula Moja, Nyungu Mbili

Mjukuu wangu Dorcelle anasoma chuo kikuu cha Kasapa, anaishi peke yake na mbabula moja, jiko dogo la makaa. Kitabu cha mapishi ya wanafunzi kilimwambia apike maharagi ya mtu mmoja ya juma zima kwa mara moja. Makala yake ya kupikia yakaisha, maharagi bado magumu. Nilimkuta ameinama juu ya jivu, akiogopa kufanya mitihani na njaa.

Jirani yake Benita, aliyekuwa amemaliza kusonga ugali, akachungulia, akamwita Dorcelle kama dada yake mkubwa. "Yaya, bukari yangu imeiva, moto iko muzuri bado. Leta nyungu ya maharagi."

"Nawe utakula bukari na nini?" Dorcelle akauliza.

"Si na maharagi yako? Kesho tutanunua makala pamoja."

Nyungu ikawekwa kwenye moto wa Benita, mvuke ukapanda taratibu. Kitabuni, Dorcelle akafuta "mtu mmoja", akaandika "watu wawili".