Punje za Walburga

Pale hotelini kwa Bwana Cuthbert, Mbinga mjini, kila mfanyakazi alikuwa na kopo lake rafuni. Ukimaliza siku unatia punje za mahindi: mhudumu tatu, mpishi tatu, mwosha vyombo mbili, msaidizi wa jiko mbili. Mwisho wa mwezi tunahesabu punje zote, tunagawa ile asilimia kumi ya huduma inayoandikwa kwenye kila bili pamoja na bakshishi, na kila mtu anapata kwa punje zake. Daftari nilishika mimi, Dafrosa, mhudumu. Kanuni yangu ilikuwa moja: pesa isiyo mkononi haiandikwi.

Kanuni hiyo niliivunja mwenyewe, tena kwa kalamu nzuri.

Ulikuwa mwaka wa tatu tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kununua kahawa. Mnunuzi mmoja alijaza meza zetu zote mwezi mzima na watu wake, wakila kwa kusaini bili tu. Kampuni ingelipa baadaye. Bili zilifika laki sita, huduma elfu sitini. Chini ya bili ya mwisho aliandika kwa mkono wake, "Bakshishi 40,000." Nikaingiza yote daftarini. Laki moja! Nani angengoja?

Jumamosi ya mgawo nilipita sokoni asubuhi. Mlango wa ghala la yule mnunuzi ulikuwa na kufuli jipya, na mizani imeng'olewa. Wakulima kutoka Mpepai walikaa juu ya magunia matupu, stakabadhi zisizolipwa mkononi. Mmoja akaniita, "Dada Dafrosa, huyu bwana bado anakula kwenu?" Nikaharakisha hatua, nikapita.

Mchana Bwana Cuthbert akaweka laki moja mezani. "Nawatangulizia mimi," alisema. "Kampuni ikilipa, najirudishia. Isipolipa, mtarudisha kama mlivyogawana. Tieni sahihi."

Tukamwaga makopo. Punje mia mbili kamili, kwa hiyo kila punje shilingi mia tano. Blasius mpishi alikuwa na hamsini na nne, mimi arobaini na nane, Hyasinti wa jikoni thelathini na nane. Ulikuwa msimu wa kuchuma, na sisi watatu tulikuwa tunaomba ruhusa kwenda mashambani kwetu. Mama Walburga, mwosha vyombo, hana hata mti mmoja wa kahawa. Hakukosa siku, hata Jumapili baada ya misa. Punje zake zilikuwa sitini.

"Elfu thelathini," nilimwambia.

"Ndiyo ada ya Serafina yote!" Akacheka, akajifuta sabuni mikononi. Binti yake alikuwa amerudishwa nyumbani. Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kupokelewa.

Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Nilimtazama akichovya dole gumba kwenye wino, nikanyamaza. Nilijiambia namhurumia. Uongo mtupu: hata mimi elfu ishirini na nne zangu nilizitaka.

Jumatano mji mzima ulijua mnunuzi ametoroka. Bwana Cuthbert hakupandisha hata sauti. "Kila mtu deni lake ni lile alilochukua," alisema, akigonga daftari kwa kidole. "Nitakata kwenye mgawo."

Mwenye punje nyingi ndiye mwenye deni kubwa. Yule aliyefanya kazi kuliko sisi sote! Nami ndiye niliyeandika.

Jioni ile Mama Walburga aliosha vyombo, akafunika sufuria, akamwaga punje chache zilizokuwa koponi mwake, akaondoka bila kutia nyingine. Kesho yake vilevile. "Punje ndizo zilizonifunga," alisema. Blasius akaona ana akili, akamwaga zake, akaacha naye. Hyasinti akafuata. Nikawaeleza kwamba deni ni la mwezi uliopita, kwamba bila punje hawatapata cha kulilipia. Nani amsikilize mshika daftari?

Mwisho wa mwezi Bwana Cuthbert alichungulia makopo. Matatu yalikuwa matupu.

"Hakuna punje, hakuna mgawo," alisema kwa upole, akafagia pesa za huduma za hao watatu zikaingia mfukoni mwake. Mgawo wangu, mwenye punje, aliukata wote kwa deni langu. Madeni yao aliyaacha palepale daftarini, bila kupunguza hata senti. Hapo ndipo nilipomwogopa hasa yule mtu.

Tangu siku hiyo nikaanza kumtilia Mama Walburga punje mbili kila jioni, kwa siri. Siku ya saba akanijia kwenye dirisha la kutolea chakula na sahani. Juu yake punje kumi na mbili, zimeoshwa.

"Shikamoo, mama," nilisema.

Akaiweka sahani mbele yangu bila marahaba.

"Za kwako hizi, Dada. Kaka yangu Joakim wa Mpepai anakusalimu. Anasema Jumamosi ile alikuita pale ghalani, ukapita." Alikuwa akinitazama machoni. "Ungeniambia, nisingetia dole."

Akarudi kwenye karai lake. Mteja wa meza ya tatu alikuwa anaita, nikachukua bili, nikaandika: huduma, asilimia kumi.