Umesahau Kitu

Duka letu la viatu halina mlango. Liko mtandaoni, na kazi yangu ni kumwandama mteja aliyetoroka. Mtu akiingia kwa simu yake, akachagua jozi, akaiweka kwenye kikapu kisha akaondoka bila kununua, duka linaikumbuka simu hiyo. Kwa siku thelathini, kila anakokwenda mtandaoni, kwenye habari za mpira, kwenye hali ya hewa, picha ya kiatu kilekile inamtokea na maneno machache chini yake. Maneno hayo nayaandika mimi. Hayazidi saba, lakini yameninyima raha miaka mitatu.

Mwezi ule tulishindanisha matangazo mawili. Nusu ya watu waliona: "Bado unaviwazia? Bado vipo." Nusu nyingine waliona: "Umesahau kitu! Viatu vyako vinakusubiri." La pili lilishinda kwa mbali; watu walilibonyeza kana kwamba wamefumaniwa. Bosi wetu, tunayemwita Injini kwa sababu hazimiki, akaagiza wote waonyeshwe hilo, hadi mara nane kwa siku. Kichwa kilinivimba, sitaki kudanganya. Wiki tatu nzima nilitembea ofisini kama niliyevumbua moto.

Ndipo dada yangu akapiga simu.

"Njoo kwa baba," alisema. "Sasa hivi. Usianze mambo ya kikao."

Nilimkuta amesimama sebuleni, mkoba begani, funguo za nyumba ya baba mkononi. Juu ya meza ya chakula palikuwa na maboksi manne yenye nembo ya duka letu. Nilifungua moja baada ya jingine. Viatu vyeusi vya kamba, namba arobaini na mbili. Jozi zote nne zilikuwa mapacha, na jozi moja ndiyo tu iliyokuwa na vumbi kwenye soli.

"Nimeyakuta chini ya kitanda," dada alisema kwa sauti ya chini, ingawa baba alikuwa hatua tatu tu kutoka kwetu. "Kumbukumbu zinaanza kumtoka. Jumamosi anahamia kwangu. Funguo nakaa nazo mimi."

Baba alikuwa amekaa pembeni, anatazama mikono yake. Huyu ni mtu aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji miaka thelathini na minne, akisoma kila ukurasa kabla haujachapwa, na hata baada ya kustaafu kalamu nyekundu haijawahi kutoka mfukoni mwake. Husahihisha hadi maandishi kwenye pakiti za chumvi. Sikuwahi kumwona akisemwa mbele yake na kunyamaza.

"Baba, viatu vyote hivi umenunua wewe?"

"Nimenunua mimi. Yule binti wa kwenye simu ana adabu sana."

"Mara nne?"

"Ndiyo hivyo, mwanangu."

"Kwa nini lakini?"

Akatoa simu yake, ile niliyompa mwenyewe, akanisogezea. "Kwa sababu nilisahau. Si imeandikwa hapo."

Ilikuwa habari ya mpira. Katikati ya habari palikuwa na picha ya kiatu cheusi cha kamba, na chini yake maneno yangu. 

"Mara ya pili nilikuwa nimevivaa," baba aliendelea. "Nikaitazama miguu yangu, nikayatazama maandishi. Nikasema, basi kuna vingine nilivyokusudia kununua, vimenitoka akilini. Mtu hachapi jambo asilo na uhakika nalo. Yakaja tena, na tena. Tangu hapo hata drafti siendi. Naogopa wenzangu watanigundua."

Nilitaka kusema palepale kwamba ni mimi niliyeyaandika. Badala yake nikamuuliza: alikuwa akilipaje?

"Kadi mimi siiamini. Nafika pale pa kulipia, naandika jina na namba yangu, kisha naacha, nawapigia. Nawalipa wakileta."

Hapo nikaelewa. Anayenunua mtandaoni hutoka kwenye orodha ya wanaoandamwa papo hapo. Anayenunua kwa kupiga simu, hakuna aliyekumbuka kumtoa. Kwa duka letu, baba alikuwa bado ni mtu aliyeacha kikapu mlangoni.

"Dada, nipe saa tatu," nilisema. "Usimfungashie chochote." Sikungoja jibu.

Ofisini nilimng'ang'ania kijana wa takwimu hadi akaacha chai yake. Alilinganisha namba za simu zilizoachwa kwenye vikapu na namba za oda za simu. Watu mia mbili na kumi na mmoja walikuwa wameshanunua, na bado tunawaambia wamesahau. Thelathini na wanane kati yao walinunua tena kiatu kilekile.

Injini alisikiliza huku akizunguka meza. "Sawa, hao watolewe kwenye orodha leo hii. Na oda za simu ziingizwe kila siku. Maneno yabaki. Maneno yameshinda."

"Maneno ndiyo yaliyowaumiza," nilisema. "Hatujui nani amesahau. Tunajua tu kwamba hajanunua mtandaoni. Mmoja wao ni baba yangu, bosi. Amejifungia ndani kwa sababu yangu."

Alisimama. Sikuwahi kumwona akisimama kabla ya siku ile. "Utaweka nini badala yake?"

"Vile viatu bado vipo, ukivitaka."

"Yamepoa hayo."

"Acha yapoe."

Akanipa wiki mbili, matokeo yakiwa mabaya tutazungumza vingine. Nilibadilisha kwa mkono wangu mwenyewe, nikangoja hadi nilipoona tangazo jipya limeanza kutoka, nikarudi kwa baba kabla jua halijazama.

Niliwaeleza wote wawili, sikujificha. Dada akanigeukia. "Kwa hiyo wiki zote hizi ukitamba na kazi yako, ndiyo hii?"  Aibu ilinishika hadi masikioni. Lakini alifungua mkoba, akatoa funguo, akaziweka mezani.

Baba hakuzigusa. "Kwa hiyo sikusahau?"

"Hukusahau, baba."

"Niandikie. Wewe si ndiye mwandishi."

Nilichana kifuniko cha boksi, nikaandika kwa herufi kubwa kadiri nilivyoweza: HUKUSAHAU. Nikamkabidhi. Nilifurahi kupita nilivyofurahia tangazo lolote. Niliona mabega yake yanashuka, na dada akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

Baba alivaa miwani, akasoma. Kisha akatoa kalamu nyekundu, akakata herufi mbili katikati, KU, na juu yake akaandika JA.

"Wao walisema 'umesahau'," alisema taratibu, kama alivyokuwa akinifundisha nikiwa mdogo. "Kinyume chake ni 'hujasahau'. Hiyo yako inafunga jambo ambalo huna uwezo wa kulifunga; 'hujasahau' ni bado tu, ya kesho hayajulikani."

Akainuka, akakibandika kile kifuniko kwenye mlango wa kabati, kwenye usawa wa macho yake. HUJASAHAU. Kisha akachukua funguo, akavaa ile jozi yenye vumbi, akasema anakwenda kucheza drafti.

Dada na mimi tulibaki tumesimama mbele ya kabati. Hakuna kati yetu aliyeweza kusema kwamba baba amekosea.