Shimizi Jeupe

Hakuna aliyejua kuvaa nyeupe milimani kama Jenoveva. Miaka kumi na miwili alihudumu katika zahanati ya masista akiwa na gauni jeupe, na watu wakamwita "Mama Theluji" ingawa hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuiona theluji. Walidhani ana bahati ya kutoshikwa na uchafu. Haikuwa bahati. Njiani alivaa kaniki na mabuti ya mpira, gauni akalikunja kikapuni chini ya jani la mgomba, akalivaa baada ya kufika. Alilitia kanji ya muhogo, kwa sababu uchafu hushika kanji kabla haujashika uzi, na ukifua vyote viwili hutoka pamoja. Udongo mwekundu ukimrukia, hakuugusa. Aliuacha ukauke, akaupangusa kwa brashi, ndipo akalitia gauni kwenye maji baridi. Wanaosugua tope bichi ndio wanaoitia nguo doa la kudumu.

Na chini ya gauni alivaa shimizi la pamba nzito alilolichemsha na magome ya muwati mpaka likapata rangi ya ngozi yake. Hilo alifundishwa na sista mmoja mzee. Nyeupe juu ya nyeupe haisitiri kitu; ikilowa, mwili huonekana katikati na pindo la shimizi huonekana kama limechorwa. Kahawia juu ya mwili wa kahawia haionekani, hata mvua inyeshe namna gani.

Mwaka wa sabini na nne, watu walipokusanywa katika kijiji cha ujamaa juu ya Lukozi, serikali ikajenga zahanati. Jenoveva aliajiriwa kuwa mhudumu siku ya kwanza. Yeye ndiye aliyewaonyesha mafundi mahali pa kuweka dirisha la chumba cha wazazi, na wanawake wote walimhesabu kuwa ndiye mwenye zahanati. Kisha akaletwa Rehema.

Rehema alitoka Tanga mjini, ana miaka ishirini na miwili na cheti cha ukunga. Alikuwa na adabu. Kila asubuhi aliinama kidogo na kusema, "Shikamoo, mama," na hakuanza kazi kabla ya kuitikiwa. Lakini gauni jeupe sasa lilikuwa la mkunga, na sare ya mhudumu ilikuwa ya kijani iliyofifia. Jenoveva alipoivaa mara ya kwanza, mwanamke mmoja kwenye foleni aliuliza kwa Kishambaa kama ameshushwa cheo. Aliitikia kwa kucheka. Usiku ule hakula.

Ikafika siku ya kufungua zahanati rasmi. Mkuu wa wilaya angekuja, na wafanyakazi wangesimama mstari mmoja uwanjani kumpokea. Ilikuwa Novemba, mwezi wa vuli. Tangu alfajiri ukungu ulikuwa umekaa kwenye mikaratusi, na upepo ulitoka upande wa Kwai. Jenoveva alijua kabla ya saa sita itanyesha.

Rehema alitoka chumbani mwake akiwa amevaa gauni jipya la popelini nyembamba. Alikuwa amelipiga pasi vizuri mno. Mlangoni, mwanga ulipompitia kwa nyuma, Jenoveva aliona pindo la shimizi la nailoni, jeupe, likiishia juu ya magoti. Nguo ilikuwa kavu, na bado ilionekana.

"Mama," Rehema alisema huku akijigeuza taratibu, "nitazame. Niko sawa?"

Lile shimizi la muwati lilikuwa kwenye sanduku la Jenoveva, hatua ishirini tu kutoka pale. Lingemtosha. Angeweza pia kumwambia achukue kanga ajifunge mabegani. Maneno yalikuwa mdomoni.

"Uko sawa," alisema.

Mvua ilianza mkuu wa wilaya akiwa katikati ya hotuba. Hakuna aliyekimbia, maana mgeni mwenyewe hakukimbia. Mtu alimfunulia mwavuli akaendelea kusema. Rehema alikuwa mbele ya mstari, ameshika kwa mikono miwili sinia lenye mkasi wa kukatia utepe. Hakuwa na mkono wa kujifunika. Gauni lilimganda kwanza mabegani, kisha mgongoni, kisha kote. Lilikuwa kama halipo. Watu waliona sidiria yake, waliona shimizi lilipoanzia na lilipoishia, na chini ya hapo waliona mapaja.

Vijana waliosimama karibu na lori walipiga mluzi. Mmoja akasema kwa sauti, "Wagosi, leo tumefunguliwa zahanati kweli!" Wakacheka. Mkuu wa wilaya alitazama chini, akafupisha hotuba. Wanawake wengine walivuta kanga zao usoni. Rehema hakusogea. Alisimama na sinia lake mpaka mkasi ulipochukuliwa. Kisha akageuka kwenda ndani, akateleza kwenye tope, na akaingia zahanati akiwa na udongo mwekundu kuanzia kiunoni.

Mwanamke mzee mmoja ndiye aliyevua kanga yake na kumkimbilia. Si Jenoveva. Yeye alikuwa amesimama mahali pake kwenye mstari, amelowa lakini amesitirika ndani ya sare yake ya kijani nzito, na kwa muda mfupi sana, mfupi kama kupepesa jicho, alikuwa amefurahi. Kile kitambo ndicho kilichomtesa baadaye kuliko hata lile neno la asubuhi.

Tangu siku ile Rehema akawa mtu mwingine. Alifua lile gauni kwa maji ya moto, akalisugua lingali na tope, na doa likabaki ubavuni kama kutu. Jenoveva alimwona akisugua. Hakumwambia kitu, kwa kuwa akimwambia la doa ingembidi amwambie na la shimizi. Mvua ikionekana Rehema alijifungia ndani. Akiitwa kwenda nyumbani kwa mgonjwa, kwanza aliuliza mawingu yakoje.

Wiki tatu zikapita. Mchana mmoja alikuja Idd, mkulima wa kabichi wa kilima cha pili, akihema. Mkewe Mwanahawa alikuwa ameshikwa na uchungu ghafla na asingeweza kutembea. Mvua ilikuwa inamwagika.

"Tangulia, mama," Rehema alimwambia Jenoveva. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono juu ya lile doa. "Ikipungua kidogo nitafika. Njia inapita pale kwenye duka la ushirika, na wale vijana wako pale. Siwezi."

Jenoveva alitaka kumwambia avae shimizi la muwati, tena palepale. Badala yake alichukua kikapu akaenda, maana kwenda mvuani kulikuwa rahisi kuliko kusema.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Lakini kondo la nyuma lilitoka vipandevipande na damu haikukoma. Jenoveva alimweka mtoto kwenye ziwa, akasugua tumbo la Mwanahawa kama masista walivyomfundisha, akaita jina lake mara kwa mara. Hakuwa na sindano, wala hakuruhusiwa kuchoma sindano. Alimtuma Idd arudi mbio kumwita Rehema. Godoro la majani ya mahindi lilibadilika rangi. Midomo ya Mwanahawa ilibadilika pia.

Rehema alifika baada ya saa moja na zaidi, amelowa chapachapa, koti zito la Idd likiwa begani. Alichoma sindano, akaingiza mkono na kuondoa kipande kilichobaki. Alifanya kazi haraka na kwa ustadi, na Jenoveva, akimshikia taa, alielewa kwamba hapajawahi kuwa na mkunga bora kijijini pale. Damu ikapungua. Wanaume wakamfunga Mwanahawa kwenye machela wakamteremsha hadi barabarani, na lori la mboga likampeleka Lushoto. Alikuwa hai, lakini hakujua yuko wapi.

Wawili hao waliporudi zahanati mvua ilikuwa imekoma. Rehema aliketi kwenye benchi la wagonjwa.

"Akifa nimemuua mimi," alisema. "Kwa sababu ya nguo, mama. Nilikuwa naogopa kuchekwa, na mwenzangu anaishiwa damu. Kesho naandika barua. Sifai kazi hii."

Jenoveva alitamani kumwacha aseme. Binti mwenyewe alikuwa ameshajihukumu. Nani angeuliza zaidi? Lakini aliitazama mikono ile iliyotoka kuokoa mtu, sasa imekunjwa mapajani kama ya mwizi aliyekamatwa, akashindwa.

"Usiandike barua," alisema. "Siku ile ya ufunguzi uliniuliza kama uko sawa."

"Ndiyo."

"Niliona. Niliona shimizi kabla hujatoka mlangoni, na nilijua mvua inakuja. Nilikuwa na la kukupa. Nikakwambia uko sawa."

Rehema aligusa lile doa la ubavuni. Nje maji yalidondoka kutoka kwenye bati.

"Kwa nini?"

"Wivu. Hilo gauni nilidhani ni langu."

Alidhani binti atapiga kelele, na angeshukuru kama angepiga. Rehema hakupiga kelele. Alisema polepole, kama anayejaribu kuelewa somo gumu: "Nilikuuliza wewe kwa sababu huku sina mama." Kisha akaingia chumbani mwake na kufunga mlango.

Kesho yake Jenoveva aliweka shimizi la muwati juu ya meza ya dawa, limefuliwa na kukunjwa. Lilikaa pale siku mbili. Siku ya tatu halikuwepo. Wiki iliyofuata Rehema alimwuliza, bila kumtazama, namna ya kuchemsha magome, na Jenoveva akamweleza: yakatwe madogo, yachemshwe mpaka maji yawe mekundu meusi, nguo ilale humo usiku kucha. Kwa lile doa alimwambia ajaribu ndimu na chumvi, kisha jua. Rehema aliandika kwenye karatasi. Alisema ahsante. Hakusema mama. Tangu siku hiyo alitoka kila alipoitwa, akiwa na kaniki na mabuti, mvua inyeshe isinyeshe, na wale vijana wa dukani wakakosa cha kupigia mluzi.

Mwanahawa alirudi kabla ya Krismasi, amekonda, mtoto mgongoni. Alipanda zahanati moja kwa moja, akiwa na kikapu cha viazi vipya kichwani. Alikiweka miguuni pa Jenoveva, akamshika mikono yote miwili.

"Shikamoo, mama. Nilikuwa nakusikia ukiniita. Wewe ndiye uliyenizuia nisiende. Mtoto tumemwita kwa jina la mama yangu, lakini wewe ni bibi yake pia."

Rehema alikuwa mezani, akiandika kadi ya mtoto. Aliinua macho akamtazama Jenoveva, na Jenoveva akangoja aseme la shimizi. Rehema akarudisha macho kwenye kadi, akaendelea kuandika.

"Marahaba," Jenoveva alisema. Alitaka kuongeza neno, lakini Mwanahawa alikuwa ameshamfungua mtoto na kumweka mikononi mwake, naye akampokea, akampakata, asijue atazame wapi.