Mgawo wa Insulini

Chupa za insulini zilizofika ghalani zilikuwa mia sita. Maombi ya hospitali na zahanati zote yalikuwa ya chupa elfu moja na mia tano. Kugawa ndiyo kazi yangu.

Kanuni yetu ni nyepesi: mzigo ukipungua, kila kituo kinapata asilimia ileile ya kilichoomba. Safari hii ni arobaini. Zahanati ya dada yangu iliomba chupa arobaini, kwa hiyo ingepata kumi na sita. Ina wagonjwa ishirini, kila mmoja chupa mbili kwa mwezi, na mmoja wao ni binti yake.

Mimi ndiye niliyemwonya asitie chumvi, aombe anachotumia tu. Hospitali kubwa haikuwa na mdogo wake wa kuihubiria. Ilisikia fununu za upungufu, ikaomba mara mbili ya inachotumia bila haya.

"Huu si mgawo, ni zawadi kwa waongo," nilimwambia mkuu wa ghala. "Tugawe kwa matumizi ya miezi mitatu iliyopita."

"Sawa," alisema. "Lakini kwa wote."

Nikapiga hesabu upya, nikijisifu kimoyomoyo. Zahanati ya dada ikashuka hadi kumi na tatu.

Nikafungua tena rekodi zake. Nusu ya siku za miezi ile rafu yake ilikuwa tupu, na sisi tulihesabu chupa walizopewa wagonjwa tu. Mgonjwa aliyerudi mikono mitupu tulimhesabu kama asiyeumwa! Ningeweza kurekebisha ya dada peke yake, na nani angejua? Wazo hilo lilinitisha kuliko hesabu yenyewe. Nikarekebisha za wote: chupa walizopewa wagonjwa nikazigawa kwa siku ambazo kituo kilikuwa na dawa tu, nikapata matumizi halisi ya mwezi mzima. Mahitaji ya kweli yakawa elfu moja. Kila kituo, asilimia sitini. Dada, ishirini na nne. Mkuu akatia saini.

Nikampigia dada simu.

"Ishirini na nne," alirudia polepole. "Mzigo mwingine lini?"

"Mwezi ujao, kama hawatudanganyi."

"Sasa nifanyeje, mdogo wangu?"

"Kila mgonjwa chupa moja kwanza. Nne zinazobaki ziweke kwa atakayezidiwa. Na wote waambie mapema, wasije wakapunguza sindano kimyakimya."

Chupa moja ni nusu mwezi. Sote wawili tulijua.

"Na binti yetu?"

Nilitamani aulize kitu kingine, chochote kile. Niliogopa sana, naogopa mpaka sasa.

"Moja, dada. Kama wengine."

Kwa nyuma nilimsikia binti mwenyewe akiuliza, "Mama, huyo ni mama mdogo? Mwambie ahsante kwa dawa."